Rafiki Akibadilika: Kutambua Sonona na Kumsindikiza Kituoni

Mwezi wa Mei, mahindi yakifika magotini, mkulima wa Trans Nzoia hangoji kukumbushwa kutia mbolea ya kukuzia. Mvua ipo, magugu yameanza kuota tena, na kila siku inayopita mahindi yanazidi kugeuka manjano. Kwa hiyo ukiingia kwa rafiki yako mwishoni mwa mwezi huo ukute gunia la CAN liko stoo, halijafunguliwa, na mwenyewe ameketi nje ya nyumba saa nne asubuhi akitazama barabara, kuna jambo. Mtu aliyepanga foleni kununua mbolea hiyo hakuisahau.

Makala haya yanahusu sonona, ugonjwa ambao wengi wetu huuita "mawazo mengi" au "stresi". Hayakuandikiwa mgonjwa. Yameandikiwa rafiki yake, kwa sababu mara nyingi rafiki ndiye huona kwanza, naye huwa hajui aseme nini.

Ili jambo lieleweke, tuchukue mfano wa marafiki wawili. Watu hawa ni wa kubuni, lakini mambo yanayowapata ni yale ambayo wahudumu wa afya hukutana nayo kila wiki. Tumwite wa kwanza Simiyu, mkulima wa ekari tatu karibu na Kiminini, nje kidogo ya Kitale. Wa pili ni Wekesa, mwenye duka la vipuri vya pikipiki mjini Bungoma. Walikua pamoja, wakatahiriwa msimu mmoja, Agosti 2004, na hadi leo wako katika chama kimoja cha watu wa rika lao kinachokutana kila mwisho wa mwezi.

Dalili zinazoonekana kutoka mbali

Wekesa hakuona huzuni. Hili ni muhimu kulisema mapema, kwa kuwa watu wengi wanangoja kuona machozi. Mwanamume mwenye sonona anaweza asilie hata siku moja. Alichoona Wekesa ni kwamba simu ya Jumamosi jioni, waliyokuwa wakipigiana kwa miaka, ilianza kujibiwa kwa maneno mawili: "Niko sawa." Baadaye ikawa haijibiwi. Simiyu alikosa mkutano wa chama wa Machi akisema ana kazi, akakosa wa Aprili bila kusema lolote, na mchango wake ukatumwa na mkewe. Mtu aliyekuwa mchekeshaji wa kundi alijibu mzaha wa kawaida kwa hasira, kisha akajitoa katika kundi la WhatsApp usiku huohuo.

Wekesa alipompigia mama watoto kumsalimia, alipata mengine matatu. Mzee wake huamka saa tisa usiku na halali tena hadi kukuche. Ugali huuacha nusu, na mshipi wa suruali ameutoboa tundu jipya. Tena ameenda zahanati mara mbili akilalamika kichwa na kifua kubana. Alipimwa malaria, hakuwa nayo, akapewa parasetamoli.

Hilo la mwisho linastahili kuangaliwa kwa makini. Watu wengi wenye sonona hawaendi kituoni wakisema wana huzuni. Wanasema kichwa, mgongo, tumbo, moyo kwenda mbio, au mwili kukosa nguvu. Hawadanganyi, maumivu hayo yapo kweli. Lakini mhudumu mwenye foleni ya watu arobaini akisikia "kichwa" atatibu kichwa, na habari ya usingizi na chakula haitatajwa kama hakuna aliyeiuliza.

Je, kila anayepitia kipindi kigumu ana sonona? Hapana, na si vizuri kumbandika mtu jina la ugonjwa kwa sababu ya wiki mbaya. Aliyefiwa atalia. Aliyeuza mahindi kwa hasara atakosa usingizi siku kadhaa. Kipimo ambacho wahudumu wa afya hutumia ni muda na upana. Muda ni majuma mawili au zaidi, karibu kila siku, sehemu kubwa ya siku. Upana ni kwamba hali hiyo haikubaki moyoni pekee, bali imegusa usingizi, chakula, kazi na mahusiano, na angalau moja ya mambo mawili lipo: moyo kuwa mzito, au kutopendezwa tena na vitu vilivyokuwa vikimpendeza. Mwenye huzuni ya kawaida, timu yake ikifunga bao, kwa dakika chache hurudi kuwa yeye. Mwenye sonona anaweza kulitazama bao lilelile asisikie kitu.

Kuna dalili moja ambayo katika sehemu zetu hufunika nyingine zote, nayo ni pombe. Mtu aliyekuwa akinywa kwa starehe mwishoni mwa wiki anaanza kunywa busaa au chang'aa peke yake, siku za kazi, ili apate usingizi. Jirani husema "amekuwa mlevi" na maswali huishia hapo. Swali la maana zaidi ni kipi kilitangulia. Kwa Simiyu pombe haikuwepo. Ingekuwepo, sonona yake huenda ingechelewa zaidi kuonekana.

Mazungumzo ya kwanza

Wekesa angeweza kuandika katika kundi la chama, "Wenzangu, Simiyu hayuko sawa, tumwombee." Nia ingekuwa njema, na matokeo yangekuwa mabaya. Habari ya mtu ikishasambazwa kwa watu thelathini, mwenyewe hujificha zaidi. Badala yake alifunga duka Jumapili moja, akapanda matatu Bungoma, akapitia Webuye, Misikhu na Kamukuywa hadi Kiminini, akafika bila ajenda ya kutangaza.

Hakumketisha Simiyu sebuleni wakatazamana. Wanaume wengi huzungumza vizuri zaidi wakiwa bega kwa bega, macho yakiwa kwenye kitu kingine. Aliomba kuona mahindi. Wakiwa katikati ya mistari alisema alichokiona, si alichokidhania:

"Ndugu yangu, nimeona mbolea bado iko kwenye gunia. Chama umekosa mara mbili. Na simu zangu hushiki. Hiyo si kawaida yako. Nimekuja kwa sababu nina wasiwasi juu yako."

Tofauti kati ya alichokiona na alichokidhania inaonekana ndogo lakini ndiyo inayofungua au kufunga mlango. Ukimwambia mtu "wewe una sonona", atakukatalia, na atakuwa na haki, maana wewe si daktari. Ukimwambia "umekuwa mvivu" au "umeanza kutudharau", utakuwa umemthibitishia yale anayojisemea usiku kucha. Lakini gunia ni gunia. Hawezi kubishana nalo.

Simiyu alijibu kama wengi wanavyojibu: "Ni uchovu tu. Itapita." Wekesa alinyamaza. Kunyamaza huku ndiko kugumu kuliko yote, kwa kuwa ulimi hutaka kujaza nafasi, na maneno yanayokuja haraka huwa ndiyo mabaya: jikaze, wewe ni mwanaume, wenzako wana shida kubwa kuliko zako, una shamba na watoto, unalalamika nini, omba tu. Kila moja humwambia mgonjwa kwamba mzigo wake si mzigo. Hata lile la maombi, kwa mtu wa imani, linaweza kumfanya ajione kuwa imani yake ndiyo iliyopungua. Wengi hupata faraja kubwa kanisani au msikitini, na hakuna sababu ya kuwatoa huko. Kosa ni kuyafanya maombi yachukue nafasi ya matibabu, jambo ambalo hatulifanyi kwa mguu uliovunjika.

Baada ya kimya Wekesa aliuliza swali moja dogo: "Wiki hizi mbili umelala namna gani?" Usingizi ni mahali pazuri pa kuanzia. Hauna aibu. Mtu ambaye hawezi kusema "nina huzuni" ataweza kusema "silali." Simiyu alisema halali. Akasema pia kwamba mchana kichwa ni kama kimejaa pamba, anasimama stoo na kusahau alichofuata. Akaishia hapo.

Wekesa hakusukuma. Alisema, "Sawa. Nitakupigia Jumatano, na Jumapili nitarudi." Kisha akafanya hivyo. Wengi hukosea hapa: wanafanya mazungumzo moja mazito, wanakataliwa, wanahitimisha kwamba "amekataa msaada." Mara nyingi mazungumzo ya kwanza hayaleti jibu. Yanachofanya ni kumjulisha mtu kwamba kuna mlango, na kwamba haukufungwa aliposita.

Swali linaloogopwa

Jumapili ya pili Simiyu alisema jambo ambalo halikupaswa kupitwa: "Hata nisipokuwepo, hawa watoto wataishi tu."

Maneno ya aina hii huja yamefunikwa. "Nimechoka na haya maisha." "Ningelala nisiamke." Wakati mwingine hayaji kama maneno bali kama vitendo: mtu anagawa vitu vyake, analipa madeni madogo ghafla, anaaga watu bila safari. Anayesikia hushtuka, akageuza mazungumzo. Wengi huamini kwamba kuuliza juu ya kujiua ni kumpa mtu wazo hilo. Si kweli. Utafiti uliofanywa katika nchi mbalimbali haujaonyesha kwamba swali hilo humtia mtu wazo jipya. Wengi huona nafuu kwamba hatimaye mtu amelitamka.

Wekesa aliuliza wazi, kwa sauti ya kawaida: "Umewahi kufikiria kujiua?"

"Kufikiria, ndiyo. Naona afadhali nisiamke. Lakini kufanya, hapana."

"Umepanga ungefanyaje, au lini?"

"Hapana."

Maswali hayo mawili hutenganisha hali mbili. Mtu anayetamani asingeamka, bila mpango, anahitaji kuonwa na mhudumu wa afya katika siku chache, na asiachwe mpweke katikati. Mtu mwenye mpango, njia mkononi na wakati aliouchagua, ni dharura ya saa hiyohiyo: haachwi peke yake hata dakika, na anapelekwa hospitali usiku au mchana, kama ambavyo angepelekwa akiwa anatokwa na damu. Rafiki hatakiwi kuamua peke yake ni hali gani. Akiwa na shaka, achukulie kuwa ni dharura.

Simiyu alimwomba asimwambie mtu. Wekesa hakuahidi. Alisema, "Habari hii haitafika chamani. Lakini mama watoto lazima ajue, na tabibu lazima ajue. Tutamwambia pamoja." Siri ya aina hii si ya kutunzwa na mtu mmoja. Jioni hiyo mke wa Simiyu alihamisha dawa zote za shamba, za magugu na za wadudu, zikawekwa chini ya kufuli kwa shemeji yake. Katika jamii za wakulima hatua hii ni ya lazima. Mawazo ya kujifisha mara nyingi huja kwa wimbi kali kisha hupungua, na mtu asipokuwa na kitu cha hatari karibu, wimbi linaweza kupita akiwa hai.

Sababu moja iliyofanya familia nyingi nchini kunyamaza ilikuwa sheria yenyewe. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na ndugu wa mgonjwa waliogopa polisi kuliko walivyoogopa ugonjwa. Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Anayempeleka ndugu yake hospitalini baada ya tukio kama hilo anampeleka kutibiwa.

Kumsindikiza

"Tafuta usaidizi" ni ushauri ambao mgonjwa wa sonona hawezi kuutumia. Kupanga safari, kukumbuka kitambulisho, kuamua asubuhi ipi, kueleza shida yake kwa mgeni: hizo ndizo nguvu ambazo ugonjwa umezichukua. Kwa hiyo Wekesa hakumwambia aende. Alisema, "Jumanne tunaenda kituo cha afya, wewe na mimi. Nitalala hapa Jumatatu. Saa mbili tunatoka." Mwaliko wenye siku, saa na mtu wa kwenda naye ni rahisi kuukubali kuliko shauri zuri lisilo na tarehe.

Si lazima kuanzia hospitali kubwa. Zahanati au kituo cha afya kilicho karibu kinatosha kwa hatua ya kwanza, na mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chako anaweza kukuelekeza. Aliyejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, hupata huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya bila kulipa. Usajili hufanywa kwa simu kwa kubonyeza *147#. Jambo litakalohitaji uangalizi zaidi hupelekwa hospitali ya kaunti ndogo, au hospitali ya rufaa mjini Kitale au Bungoma, na lile zito zaidi linaweza kufika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret.

Kabla ya kutoka, waliandika kwenye karatasi mambo manne: usingizi hukatika saa tisa usiku; chakula kimepungua na mwili umekonda; kazi ya shamba imesimama; haya yote yamedumu zaidi ya miezi miwili. Karatasi hiyo ilifanya kazi ambayo ziara mbili za zahanati hazikufanya. Simiyu alipoketi mbele ya tabibu na kuanza na "kichwa kinaniuma," Wekesa alimsogezea karatasi bila kumsemea. Hilo nalo lina kipimo chake. Msindikizaji anayejibu maswali yote humfanya mgonjwa mtoto. Kazi yake ni kukumbusha, na tabibu akiomba azungumze na mgonjwa peke yake, kutoka nje.

Kilichofuata ni maswali tisa. Fomu hiyo huitwa PHQ-9 na hutumika duniani kote, ikiwemo kwa Kiswahili. Kila swali linahusu majuma mawili yaliyopita na hupewa alama kutoka 0, yaani hapana kabisa, hadi 3, yaani karibu kila siku. Simiyu alipata 3 kwa usingizi na 3 kwa uchovu. Alipata 2 kwa kila moja ya haya manne: kutopendezwa na kitu, moyo kuwa mzito, chakula, na kujiona ameshindwa. Kushindwa kutuliza akili kulipata 1, na mawazo ya kifo 1. Mwili kuwa mzito au kutotulia ulipata 0. Jumla ni 16 kati ya 27. Kuanzia 10 wahudumu hulichukulia kuwa jambo la kufuatiliwa; 15 hadi 19 ni sonona iliyokwisha kuwa nzito. Alama pekee haitoi uamuzi. Na jibu lolote lisilo 0 katika swali la kifo hufuatiliwa papo hapo hata jumla ikiwa ndogo.

Tabibu mzuri hakimbilii kuandika dawa. Upungufu wa damu, ugonjwa wa tezi ya shingo, sukari na maambukizi ya muda mrefu yanaweza kuleta uchovu na kukonda kunakofanana na sonona, kwa hiyo damu hupimwa. Huuliza pia kama mtu amewahi kuwa na kipindi cha kinyume: siku nyingi za kutolala bila kuchoka, kuongea bila kikomo, kutumia pesa ovyo. Aliyewahi kuwa hivyo huenda ana ugonjwa mwingine, na baadhi ya dawa za sonona zinaweza kumzidishia. Rafiki wa miaka ishirini anaweza kukumbuka kipindi ambacho mgonjwa mwenyewe amekisahau.

Simiyu alipelekwa Kitale kwa mshauri wa afya ya akili, na akaanzishiwa fluoksetini. Ushauri huo si mahubiri. Ni vikao vya mazungumzo vyenye mpango, ambamo mtu hufundishwa kuigawa shida yake vipande na kuanza na kipande kimoja. Si lazima kiendeshwe na daktari bingwa. Jijini Harare, tangu 2006, Dakta Dixon Chibanda na wenzake wamewafundisha akina bibi wa mitaani kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki, katika mpango ujulikanao kama Benchi la Urafiki, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliopitia hapo walipata nafuu zaidi ya waliopata huduma ya kawaida. Akina bibi hao huutaja ugonjwa kwa neno la Kishona, kufungisisa, maana yake kufikiria kupita kiasi. Mtu wa Bungoma asingehitaji kutafsiriwa.

Majuma ya katikati

Dawa za sonona hazifanyi kazi kama parasetamoli. Nafuu huanza kuonekana baada ya majuma mawili hadi manne, wakati mwingine zaidi, lakini kichefuchefu, wasiwasi na usingizi wa mang'amung'amu vinaweza kuja siku za mwanzo. Maana yake, kwa majuma kadhaa mgonjwa huona hasara bila faida. Hapo ndipo wengi huziacha. Siku ya tisa Simiyu alipiga simu: "Hizi dawa zinanimaliza." Wekesa hakumwambia avumilie wala aache. Walimpigia tabibu pamoja, akamwelekeza ameze asubuhi baada ya kula, na siku zikasonga. Siku hizi za mwanzo ndizo pia za kumtazama mtu kwa karibu zaidi, hasa kijana. Na mtu akishapona, dawa huendelea kwa miezi mingi na hupunguzwa polepole na tabibu. Kuziacha ghafla kwa sababu "nimepona" ni njia ya kawaida ya kuugua tena. Tembe zenyewe mke alizitunza, akimpa za wiki moja kwa wakati.

Kuhusu shamba, watu watatu wa chama walikuja Jumamosi moja na majembe. Waliambiwa tu kwamba Simiyu hajisikii vizuri. Wekesa aliwaomba wasimfanyie kazi yote. Simiyu alipewa mistari minne ya kutia mbolea, akaimaliza polepole, akaketi. Mshauri alikuwa amesema hivyo: usingoje hamu irudi ndipo ufanye kazi, anza na kazi ndogo, na hamu itafuata nyuma yake. Mistari minne ni kidogo, lakini ilikuwa mara ya kwanza tangu Machi kumaliza alichokianza.

Na kama mtu angekataa katakata kwenda? Asiyekuwa hatarini hawezi kuburutwa. Rafiki huuliza nini hasa anachokihofia, maana mara nyingi kuna jambo mahususi: kuonekana na jirani kwenye foleni, kuitwa mwendawazimu, gharama. Kila moja lina jibu lake. Anayeogopa kuonwa anaweza kwenda kituo cha mji jirani, au kuanza kwa simu: Shirika la Msalaba Mwekundu Kenya hupokea simu bila malipo kupitia 1199, na Befrienders Kenya hupatikana kwa 0722 178 177. Kwa shida iliyochanganyika na pombe, laini ya NACADA ni 1192, nayo ni ya bure. Rafiki mwenyewe anaweza kupiga kuomba mwongozo kabla mgonjwa hajakubali, na afanye hivyo pia kwa ajili yake, kwa kuwa kubeba habari kama ile ya Simiyu humnyima usingizi hata aliye mzima.

Juma la sita Simiyu alijibu maswali tisa tena akapata 8. Usingizi ulikuwa umefika saa kumi na moja alfajiri, chakula kimerudi, na swali la kifo lilikuwa 0. Hakuwa amepona, na tabibu alimwambia hivyo. Julai alihudhuria chama, akaketi karibu na mlango, akaondoka mapema. Mbolea ilikuwa imechelewa majuma manne, na mahindi ya upande wa chini wa shamba hayakupata rangi ya kijani mwaka huo.